Upwork na Payoneer: Anza na Jina Lako

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tunaitazama Upwork, soko la kazi za mtandaoni, pamoja na Payoneer, huduma inayopokea dola zako na kuzifikisha benki. Wengi huanza kwa kuhangaika na picha ya wasifu. Mimi nawaomba muanze na jina.

Chukua kitambulisho chako, kiwe cha NIDA au pasipoti, uandike jina kama lilivyo humo. Jina hilohilo liende Upwork, liende Payoneer, liende benki. Dada mmoja niliyekaa naye kufungua akaunti, mfasiri, alitumia jina la mumewe Upwork, lakini benki alikuwa bado na jina la baba yake. Kazi alipata, mteja akalipa, ila hela haikutoka mpaka nyaraka ziliporekebishwa. Iliniuma sana, kwa sababu jasho lake lilikuwa halali kabisa.

Kwenye wasifu, kichwa kiseme kazi moja. "Mfasiri" peke yake hakitoshi. "Mfasiri wa Kiingereza na Kiswahili, nyaraka za afya" kinamwambia mteja amefika. Weka na sampuli mbili tatu ulizofanya mwenyewe, hata kama hakuna aliyekulipa. Kutuma maombi kunatumia Connects, yaani tiketi za Upwork za kuombea kazi, na kila moja ni senti 15 za dola, kwa hiyo usizimwage kwenye kila tangazo.

Sasa hela. Payoneer iunganishe ukiwa ndani ya Upwork kwenyewe, sehemu ya Get Paid, halafu fuata ukurasa unaofunguka. Njia mpya ya malipo husubirishwa siku 3 kwa usalama, hivyo iunganishe mapema, usingoje siku ya kodi ya nyumba.

Tuseme umepata kazi ya dola 100 ya bei moja mliyokubaliana, si ya kulipwa kwa saa. Kabla hujaanza, hakikisha mteja ameshaweka hela kwenye amana ya mkataba, inakoshikiliwa mpaka ukabidhi kazi. Ukikabidhi kupitia kitufe cha kuwasilisha kazi, ana siku 14 za kuikagua. Akikaa kimya, hela inaachiliwa. Ukiituma kwenye ujumbe tu, siku hizo hazianzi kuhesabiwa! Ikishaachiliwa, inakaa siku 5 nyingine ndipo uweze kuitoa.

Makato ya Upwork yanaonekana kwenye mkataba kabla hujakubali. Yakiwa asilimia 10, unabaki na dola 90. Kuna ada ya kuhamishia Payoneer, kisha Payoneer nayo inakata inapogeuza dola kuwa shilingi. Hapo mwisho ndipo watu huumia bila kujua, maana makato yamejificha ndani ya bei ya dola. Kabla ya kuthibitisha, linganisha shilingi inazokuonyesha na bei ya dola ya siku hiyo kwenye benki yako. Mimi hutoa mara moja kwa mwezi, hela ikiwa imejikusanya, ili ada ya kuhamisha nisiilipe mara nne.