Mkoba wa ukili nilioungojea wiki 10

Mimi si mtu wa kungojea. Bidhaa ikiisha huwa nahamia duka lingine siku ile ile. Kwa hiyo wenzangu waliponiona Juni nimebeba mkoba niliouagiza mwanzoni mwa Aprili, wakaniuliza kulikoni. Mkoba ni mzuri, ndiyo, lakini kilichonishika ni lile tangazo la kuishiwa.

Muuzaji ni dada wa Unguja anayeshona mikoba ya ukili pamoja na mama yake na shangazi zake wawili, na biashara yao yote iko WhatsApp. Nilipomwandikia kwamba nataka mkubwa wa mistari, alinitumia hili:

"Mikubwa ya mistari imekwisha yote 14. Mingine haipo kabla ya mwisho wa Mei, maana mvua hizi miyaa haikauki. Itatoka 12. Unayetaka niandikie jina na rangi, nafuata zamu. Pesa usitume mpaka uone picha ya mkoba wako. Namba yangu ihifadhi kwenye simu, vinginevyo tangazo halitakufikia."

Nimeshazoea "zimeisha mpenzi, zinakuja karibuni", na hiyo karibuni haijulikani ni Jumanne au mwakani. Huyu alinipa mwezi, idadi na sababu. Sababu yenyewe unaweza kuipima kwa akili yako: majani ya miyaa huanikwa juani kwanza, ndipo yachanwe, yatiwe rangi kwa kuchemshwa na kusukwa ukili. Masika ikikaza, jua la kuanika utalitoa wapi? Nikaandika jina. Nikawa wa 4.

Ile sentensi ya namba niliona kama ya kujazia tu. Kumbe ndiyo yenye kazi. Tangazo linalotumwa kwa orodha ya WhatsApp humfikia yule tu aliyehifadhi namba ya mtumaji. Usipoihifadhi, halifiki, na muuzaji haarifiwi kwamba hujalipata. Wifi yangu alikuwa wa 5, hakuhifadhi. Mikoba ilipotoka yeye hakuona kitu, siku 2 za kujibu zikapita, mkoba wake ukaenda kwa wa 13. Mpaka leo analalamika. Namwonea huruma, ila maelekezo aliyasoma. Hata hivyo, kwa watu 12 tu, ningekuwa mimi muuzaji ningempigia simu asiyejibu kabla ya kumruka.

Katikati ya Mei ukaja ujumbe wa pili, na hapa ndipo aliponimaliza. Picha mbili. Ya kwanza, ukili umetundikwa kambani, mrefu, ung'avu. Ya pili, bunda limejaa vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyomwagwa. Chini ameandika: "Hili limeshika ukungu. Naweza kulisugua likapendeza kwenye picha, lakini baada ya mwezi litanuka kabatini kwako. Nimeliacha. Tumerudi nyuma wiki 2." Mkoba mkubwa unakula kama pima 7 za ukili, kwa hiyo bunda zima kulitupa si jambo dogo. Wengine wangenyamaza, au wangeshona hivyo hivyo. Mimi baada ya kuona vile vidoa sikuwa tena na haraka.

Mzigo ulitoka wiki ya pili ya Juni. Watu wa orodha tulipata picha zetu siku nzima kabla hajaweka chochote kwenye stetasi. Nikalipa kwa simu, ukaja na boti ya asubuhi, jioni uko mkononi. Niliupekua kama mkaguzi: nikaingiza pua ndani (harufu ya nyasi kavu, hakuna uvundo), nikavuta pale ukili unapokutana na ukili kuona kama uzi unaachia, nikakunja mdomo wa mkoba. Haukulia wala kupasuka.

Manung'uniko ninayo mawili. Bei ilipanda kutoka 35,000 hadi 38,000, na niliijua siku ya kulipa. Mtu aliyekuwa mkweli hadi kwenye ukungu angeshindwaje kuandika "bei inaweza kupanda"? La pili, niliandika "nyekundu" nikiwa na ile ya picha ya Aprili akilini, nikaletewa damu ya mzee. Nilipouliza akajibu, "Dada'ngu, kila sufuria na rangi yake, ndiyo maana nakutumia picha kabla hujalipa." Ni kweli, picha niliiona, nikadhani ni kivuli. Ukimwagiza, mwambie aupige mkoba nje, juani.

Sasa ameishiwa tena, safari hii ile midogo ya sokoni. Tangazo limekuja jana: imebaki 0, itatoka 20, mwisho wa Agosti. Na safari hii kuna mstari mpya: "Bei ni hii hii, haitabadilika kwa walio kwenye orodha." Mimi ni wa 3. Wifi ni wa 9, na namba nimemhifadhia mwenyewe kwenye simu yake.