Pampu ya maziwa na mfuko wa baridi: uzoefu wangu kati ya kisiwani na Likoni

Niliporudi kazini baada ya likizo ya uzazi, nilinunua pampu ya umeme inayokamua matiti yote mawili kwa wakati mmoja, pamoja na mfuko wa kuhifadhi baridi na pakiti zake za barafu. Pampu ni nzuri, lakini kwa mama anayeishi Likoni na kufanya kazi kisiwani Mombasa, nauthamini zaidi mfuko.

Mimi hukamua saa nne asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, kila mara kwa takriban dakika 15 hadi 20. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga chumba cha mama anayenyonyesha na kumpa mapumziko yasiyozidi saa moja kwa jumla katika saa nane za kazi, kwa hiyo pampu ya upande mmoja isingenitosha. Wakati fulani maziwa yalipungua ghafla nikahofia yanakauka, kumbe vali ya mpira ilikuwa imelegea na pampu haivuti sawasawa. Nilipoibadilisha, kiasi kilirudi.

Maziwa yaliyokamuliwa karibuni hukaa kwa muda usiozidi saa nne nje ya friji, mradi joto la chumba halizidi nyuzi 25. Hapa kwetu Mombasa joto huvuka kiwango hicho karibu kila mchana, ndiyo maana siitegemei kanuni hiyo kabisa: chupa hufungwa, huandikwa saa na tarehe, kisha huingia mfukoni papo hapo, zikigusana na pakiti. Katika hali hiyo maziwa hukaa salama hadi saa 24, muda unaotosha hata foleni ya feri ikiwa ndefu.

Kasoro ya mfuko ni kwamba hauzalishi baridi, huitunza tu. Usiku mmoja umeme ulikatika na pakiti hazikuganda vizuri. Jioni yake nilipofika nyumbani zilikuwa maji matupu na chupa zimepata joto. Kwa kuwa sikuweza kujua baridi ilikwisha saa ngapi, niliyamwaga yote, ingawa roho iliniuma. Pakiti zikiwa bado na barafu ndani na chupa ni baridi mkononi, huyahamishia nyuma ya friji, si mlangoni, ambako hukaa hadi siku nne katika nyuzi 4. Yatakayozidi huyagandisha siku ileile, nayo hubaki na ubora mzuri kwa takriban miezi sita.

Dada anayemlea mwanangu huyapasha chupa ikiwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Malai ikijitenga juu, huitikisa taratibu, maana hilo si dalili ya kuharibika. Harufu ya uchachu ndiyo dalili. Mtoto akibakiza, mabaki hutumika ndani ya saa mbili au humwagwa.

Anayetaka kununua mfuko kama huu aongeze seti ya pili ya pakiti, ibaki imeganda kwenye friza ya kazini ikiwa ipo.