Fisi sita za mchele: uzoefu wangu na maandishi ya vikao vya sauti

Mimi napokea oda za biriani za arusi hapa Majengo, na macho yangu yamebaki ya kuona mwanga tu. Mipango tunaifanya kwa simu, kikao cha sauti cha watu watatu: mimi, mpishi mwenzangu wa Likoni, na mwenye shughuli. Programu huandika kila kinachosemwa, na tunamwambia mwenye shughuli mapema.

Shida huanza kikao kikiisha. Kila kauli ina vituo vinne kwa TalkBack, sauti ya simu inayonisomea skrini: jina, saa, maneno, kitufe cha kunakili. Kikao cha kauli 60 ni kutelezesha kidole mara 240 kurudi mwanzo. Juu ya hayo, kauli za zamani hupakiwa kidogo kidogo, na mtu akiandika "asante" tu, narushwa chini kabisa. Siku moja niliacha nikampigia mteja kumuuliza upya. Aibu!

Siku hizi sirudi kwenye gumzo. Nahifadhi kikao kama faili ya ukurasa wa wavuti, si maandishi matupu, kwa sababu humo jina la msemaji limewekwa kama kichwa. Nafungua kwenye kivinjari, napitisha vidole vitatu juu au chini mpaka simu itaje vichwa, kisha kidole kimoja chini, narukia kauli moja hadi nyingine. Faili ya maandishi matupu haina vichwa vya kurukia.

Tena nina hila yangu. Tukimaliza jambo nasema kwa sauti "kitita mchele" au "kitita malipo". Neno kitita halina kazi nyingine kwetu, basi kulitafuta ndani ya ukurasa hunifikisha papo hapo.

Ila msiyaamini maandishi kama mizani. Mwezi uliopita simu ilinisomea "fisi sita za mchele". Nikacheka, nikajua ni pishi. Lakini pishi sita kwa wageni 250? Pishi moja ni kama kilo mbili na nusu, kwa hiyo ni kilo 15 tu, hata watoto wa shangazi hawashibi. Nikasikiliza sauti pale dakika ya 23 iliyoandikwa kando ya kauli: pishi kumi na sita, na mwenzangu wa Likoni alikuwa amekohoa juu ya "kumi". Fisi ilinishtua, lakini ile sita ilionekana safi, na hiyo ndiyo ingeniharibia shughuli. Kwa hiyo sauti siifuti mpaka sufuria zirudi, na kila kiasi tunakirudia mara mbili kikaoni.

Kero moja: faili hujipa jina linaloanza na tarehe. Kwenye orodha nasikia mwaka na mwezi mara kumi kabla ya kufika jina la mteja, kwa hiyo nabadilisha mwenyewe, jina la mteja kwanza. Nimewaandikia wenye programu warekebishe, sijajibiwa. Naipa nyota tatu na nusu.