Miezi minne na programu ya kunukuu stendapu: uzoefu wangu (na ile "saa kumi" iliyotupotezea siku)

Niseme mapema kwamba jina la programu sitalitaja, maana mabaya yake nitayasema na sitaki kesi na mtu. Ni ile aina inayokaa kwenye stendapu, yaani kikao kifupi cha timu cha kila asubuhi, inarekodi, inakupa transkripti nzima na chini yake inakuwekea muhtasari wa nani kafanya nini na nani kakwama wapi. Tuliilipia kwa sababu timu yetu imetawanyika, wanne tuko Dar, mmoja Mwanza, dada mmoja yuko Toronto na testa wetu yuko Manila. Stendapu ni saa tatu na nusu asubuhi, Manila hiyo ni saa nane na nusu mchana kwa hiyo testa akitaka anaingia, ila Toronto ni usiku wa manane, huwezi kumwamsha mtu saa nane usiku aje asikilize "jana nilimalizia ile fomu".

Kunukuu kwenyewe, kwa kweli iko vizuri kuliko nilivyotegemea. Dakika kumi na tano za maongezi, Kiswahili kimechanganywa na Kiingereza kama tunavyoongea sisi, inatoa kitu kinachosomeka. Inaharibu majina ya watu na ya mifumo yetu ya ndani, ila kuna sehemu ya kuongeza msamiati wako, nikaweka maneno kama thelathini hivi, ikatulia. Kasoro kubwa upande huu ni wale wawili wa ofisini wanaoshea laptopu moja na maiki moja, programu inawaona ni mtu mmoja, so kazi ya huyu inaandikwa kwa yule. Sasa hivi kila mtu anaanza na jina lake kabla hajaongea, mwanzoni tulicheka, tukazoea.

Shida iko kwenye muhtasari.

Jumanne moja mwezi wa tisa jamaa anayeshughulika na malipo alisema hivi, nainukuu kutoka kwenye faili maana ninalo hadi leo: "Seva mpya bado hawajairuhusu upande wao, ila saa kumi yule mtu wao anaingia tujaribu pamoja, dada awe hewani kwa sababu funguo za seva anazo yeye." Muhtasari unatoka kwa Kiingereza, ukaandika majaribio ni 10:00. Hapo tu. Saa kumi ya Mswahili, yaani 16:00, imekuwa 10:00. Dada ni Mtanzania kabisa, angesikia mwenyewe "saa kumi" asingekosea, ila yeye alisoma tarakimu. Na alipoamka akaangalia, saa 10:00 ya Dar kwake ilikuwa ni saa tisa usiku, imeshapita zamani, akaona basi watakuwa wamemaanisha 10:00 ya Toronto. Ambayo ni saa kumi na moja jioni kwetu. Jamaa akakaa na yule mtu wa kampuni ya malipo kuanzia saa kumi, anapiga simu ya dada haipokelewi kwa sababu dada kampeleka mtoto shule, kwenye saa kumi na moja kasoro mtu wa malipo akaaga, jamaa naye akafunga laptopu akawahi mwendokasi. Dada anaingia saa kumi na moja kamili, hamna mtu. Majaribio ya dakika ishirini yakasogea hadi kesho yake.

Baada ya hapo nikaacha kutuma muhtasari wa programu kama ulivyo. Sasa nachukua transkripti, naandika mwenyewe ujumbe mmoja mfupi, na iliyokwama inakaa juu kwa sababu mtu anayeamka anataka kujua nani anamsubiri yeye, mambo ya nani kamaliza nini atasoma na chai. Ile ya Jumanne ingetakiwa iwe hivi:

```
JUMANNE 16/9
IMEKWAMA
Malipo: seva mpya haijaruhusiwa na kampuni ya malipo.
Anasubiriwa: dada Toronto (funguo za seva)
Lini: 13:00 UTC = Dar saa 10 jioni = Toronto 09:00
Kwenye rekodi: 04:12
```

Ile mstari wa mwisho msiudharau. Ni dakika na sekunde za kwenye rekodi, mtu akiwa na wasiwasi anafungua hapo anasikiliza sekunde kumi, hahitaji kuniuliza mimi nikiwa nimelala. Na neno "kesho" nimelipiga marufuku, naandika siku na tarehe, kwa sababu kesho ya Dar mtu wa Toronto anaweza akaisoma ikiwa ndo leo yake.

Kitu cha pili ambacho programu haikiwezi ni bloka za kistaarabu, yaani mtu kakwama ila anasema kwa upole. Sisi hatusemi "nimekwama". Tunasema "niko poa, nasubiri tu ile akaunti", au "nafuatilia, wamesema watanicheki". Programu ikisikia "niko poa" inaiweka kwenye maendeleo. Kuna kijana wetu alisubiri akaunti ya majaribio siku tatu, na siku zote tatu muhtasari unaonesha anaendelea vizuri, wakati mtu wa kuifungua hiyo akaunti ni testa wa Manila ambaye angeifungua kwa dakika mbili kama angejua. Kwa hiyo kabla sijaandika chochote nafungua faili la transkripti, lile la .vtt, natafuta maneno haya: nasubiri, nangoja, nafuatilia, bado, wamesema. Karibu kila bloka ya kweli iko pembeni ya mojawapo ya hayo maneno, na nikiikuta najiuliza anamsubiri nani kwa jina. Kama jina halipo namfuata mhusika palepale kabla hajapotea.

Halafu kuna "haijapita" na "imepita". Yule wa Mwanza mtandao wake unakata, siku moja ukameza mwanzo wa neno, programu ikaona ijazie yenyewe, ikaandika imepita. Ilikuwa ni majaribio ya kurudisha hela za wateja, wacha nisiendelee. Tangu hapo kila penye imepita, imeisha au tayari, naisikiliza kwa masikio yangu. Ni sehemu tatu nne tu kwa siku.

Muda: mwanzoni ilinichukua kama dakika ishirini na tano, sasa hivi ni kumi, na ujumbe hauzidi mistari kumi na mbili. Nafuta pia mambo ya watu, maana programu haichagui, kuna mtu alisema mwanae kalazwa na ikaingia kwenye muhtasari kama sababu ya kuchelewa, nikaitoa haraka kabla haijaenda.

Tutaendelea kulipia? Ndio, ila tumeshuka kwenye kifurushi cha bei ndogo, kile cha kunukuu tu bila muhtasari. Nyota tatu. Zingekuwa nne kama ingekuwa na sehemu ya kuiambia kwamba saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi kukipambazuka. Na wenye watu Toronto msisahau Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, wenzenu wanarudisha saa nyuma na sisi hatugusi kitu, saa tatu asubuhi ya Toronto inakuwa saa kumi na moja jioni kwetu badala ya saa kumi, mimi huo mstari wa "Lini" nimeshauandikia ukumbusho kwenye simu.