Kupimwa goti kwa hatua hapa Mbeya: kwa nini asilimia 89 haikutosha

Huduma ninayoizungumzia ni ya kituo kimoja cha fiziotherapia hapa Mbeya, ambacho kinamfuatilia mchezaji aliyeumia mpaka arudi uwanjani. Mimi ni beki wa pembeni, nilikatika ligamenti ya mbele ndani ya goti la kulia na nikafanyiwa upasuaji. Naipa nyota nne kati ya tano.

Pale hawakuruhusu kucheza kwa kuhesabu miezi tu. Kwanza goti lazima litulie: uvimbe uishe, mguu unyooke kabisa, utembee bila kuchechemea. Ndipo unaanza kukimbia taratibu kwenda mbele, baadaye kuruka na kugeuka kwa kasi, halafu mazoezi na wenzako, na mechi inakuja mwisho. Goti likivimba baada ya hatua mpya, unarudishwa ya nyuma. Sharti la mechi ni miezi 9 isipungue tangu upasuaji, na nguvu ya mguu ulioumia ifike angalau asilimia 90.

Asilimia 90 ya nini? Hapo ndipo kituo hiki kilipoistahili hela yangu.

Kipimo chenyewe ni cha msuli wa mbele wa paja. Unakaa kwenye kitanda, goti limekunjwa nyuzi 90, mkanda unazunguka mguu juu kidogo ya kifundo na kufungwa nyuma kwenye nguzo ya kitanda, kifaa cha kupima nguvu kikiwa katikati. Unasukuma mbele kwa uwezo wako wote, mara tatu kila mguu, wanachukua wastani. Kabla ya upasuaji, wiki chache tu baada ya kuumia, mguu wangu wa kushoto ulitoa kilo 52.

Mwezi wa sita mguu wa kulia ulitoa kilo 39 na wa kushoto kilo 44. Ukigawa 39 kwa 44 unapata karibu asilimia 89, na mtu yeyote angesema bado kidogo tu. Dada aliyekuwa akinipima akafungua faili la zamani. “Kaka, mguu wako mzima nao umepungua. Miezi yote hii hujacheza, kwa hiyo tunakulinganisha na mguu uliolegea.” Akagawa 39 kwa zile 52 za mwanzo: asilimia 75. Nikabaki kwenye hatua ya kukimbia na mazoezi mazito ya paja.

Kocha hakuelewa, na simlaumu, maana kwa macho nilionekana mzima. Kuruka kwa mguu mmoja nilifika sentimita 140 kwa kulia na 148 kwa kushoto, karibu asilimia 95. Lakini mtu anaporuka, nyonga na kifundo vinaibeba kazi ambayo paja limeshindwa, na umbali unatoka ule ule. Ndiyo maana kuruka peke yake kusikupe ruhusa. Kipimo cha mkanda kinaubana msuli mmoja, hauna pa kujificha.

Nyota moja nimeikata kwa sababu hii. Siku moja alinipima mtu mwingine, na mguu wa kulia ukatoa kilo 45 wakati wiki mbili nyuma ulikuwa 39. Msuli haukui hivyo kwa wiki mbili. Tulipoangalia, mkanda ulikuwa sentimita 30 kutoka kwenye goti badala ya 35. Mkanda ukisogezwa karibu na goti, kifaa kinasoma nguvu kubwa zaidi ingawa msuli ni ule ule: 39 mara 35, gawanya kwa 30, unapata 45 na nusu. Hapakuwa na maendeleo yoyote siku ile. Umbali wa mkanda ulipaswa kuandikwa kwenye fomu tangu mwanzo, kwa miguu yote miwili. Siku hizi wanauandika.

Baada ya miezi 9 kulia ilitoa kilo 48 na kushoto 51. Hiyo ni asilimia 94 kwa kulinganisha miguu siku hiyo, na 92 ukilinganisha na zile 52. Nikaruhusiwa mazoezi ya kugongana, kisha dakika chache za mechi, nikiongezwa kila goti lilipoamka bila uvimbe.

Kwa wanaokuja kutoka Tukuyu, Makambako au Iringa: umbali wa kuruka mnaweza kujipimia nyumbani kwa futi ya fundi na kuutuma kwa simu, ila kipimo cha nguvu lazima mfike. Na kama umeumia na upasuaji bado, nenda ukapimwe mguu mzima mapema, uondoke na namba hiyo imeandikwa pamoja na sentimita za mkanda, kwa sababu mguu huo ukishaanza kulegea kwa kutotumika huwezi tena kuipata.