Kuweka pesa walipokea miezi minane, kutoa wakakataa kwa sababu ya jina la laini

Nabeti kwenye kampuni hii tangu mwaka jana, na kwa miezi minane sikuwahi kuwa na neno nayo. Naweka elfu mbili, elfu tano, salio linasoma papo hapo. Nikishinda vihela vidogo navirudisha kwenye mkeka mwingine, kwa hiyo sikuwahi kujaribu kutoa. Siku mkeka wa mechi saba ulipotiki nikawa na shilingi 412,000 kwenye akaunti. Nikabonyeza kutoa, na dakika chache baadaye ikaja meseji: ombi limekataliwa, jina la akaunti halilingani na jina la namba ya simu.

Laini ninayotumia imesajiliwa kwa dada yangu. Mwaka 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, mimi sikuwa na namba ya NIDA, yeye alikuwa nayo, akaniwekea kidole. Tulio hivyo ni wengi. Nilipofungua akaunti ya kubeti niliandika jina langu, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilipiga huduma kwa wateja nikiwa na hasira. Kama jina si sahihi, mbona pesa yangu mlikuwa mnaipokea? Binti aliyepokea alinieleza vizuri, namshukuru kwa hilo. Ukiweka pesa, wewe ndiye unayelipa namba ya kampuni, na mfumo wao unatazama namba ya simu tu. Ukitoa, wao ndio wanaolipa, kwa hiyo wanalinganisha jina la mwenye akaunti na jina linalorudi kutoka mtandao wa simu. Wanalinda pesa isiibwe na mtu mwingine, na wanatakiwa wawe na uhakika wanayemlipa ni mtu mzima anayejulikana, si mtoto wala mtu anayesafisha pesa kupitia mikeka. Nikamwuliza kama wanaweza kubadilisha jina la akaunti liwe la dada. Akasema hapana, hiyo ingekuwa kumpa mtu mwingine ushindi wangu. Laini ndiyo ije kwenye jina langu.

Nilipiga *106# kuhakiki usajili, jina likaja la dada kweli. Yeye yuko Morogoro, mimi Dodoma, na kuhamisha umiliki wa laini kulihitaji vidole vya wote wawili. Nilipompigia akasema, "Mdogo wangu, njoo tu, dukani tutaenda pamoja." Jumamosi nikapanda basi. Kwenye duka la mtandao tulitaja namba zetu za NIDA, dada akaweka kidole kuachia, mimi nikaweka kupokea. Haikufika hata nusu saa.

Jumatatu nikaomba kutoa tena. Wakakataa tena, kwa meseji ileile! Hapa ndipo watu wengi wangekata tamaa. Nilimwomba rafiki anitumie shilingi 1,000 halafu anionyeshe meseji yake, na jina lililoandikwa pale kama mpokeaji bado lilikuwa la dada. Yaani laini ilishahama, lakini akaunti ya pesa iliyo ndani ya laini ilibaki na jina la zamani. Nikarudi duka la mtandao, safari hii la hapa Dodoma, nikawaambia wabadilishe jina la akaunti ya pesa pia. Nilipotumiwa elfu moja nyingine jina likatoka langu, majina yote matatu kama NIDA. Kwenye akaunti ya kubeti nilikuwa nimeandika mawili, nikawatumia picha ya kitambulisho wakaongeza la katikati.

Jumatano jioni pesa iliingia, lakini haikuwa 412,000. Ilikuwa 265,000. Siku zile zote salio lilikuwa linanitazama kila nikifungua simu, na nililibetia kidogo kidogo nikijiambia hizi si pesa za mfukoni, zimekwama tu. Iliniuma kuliko kukataliwa kwenyewe, kwa sababu 147,000 ni karibu kodi ya miezi miwili ya chumba changu.

Pesa ilipokuwa bado imekwama, jamaa kijiweni walinishauri nifungue akaunti nyingine kwa jina la dada. Nilikataa, maana masharti ya kampuni yanasema mtu mmoja akaunti moja, na wakigundua wanaweza kuzuia zote mbili na salio lake.

Nawapa nyota mbili kati ya tano. Kukagua jina siwalaumu. Ninachowalaumu ni kusubiri hadi siku ya kutoa, wakati jina hilohilo wangeweza kulikagua siku nilipojisajili, kabla sijaweka hata elfu moja. Nimewaandikia hivyo kwa barua pepe, na nakala nimeipeleka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kama laini yako aliisajili mtu mwingine, mwombe rafiki akutumie shilingi 1,000 leo, usome jina linalotokea.