Tahadhari: pedi "zilizofufuliwa" zinazokaa sawa siku saba tu

Wakuu, nimepigwa, na nimepigwa kwenye kitu ninachokijua. Kuna muuzaji wa mtandaoni anauza pedi za gemu zisizo na waya, anaziandika "imefufuliwa, kama mpya, drifti imeondolewa". Anatoa waranti ya siku saba. Jina lake silitaji, lakini mchezo wake nauweka wazi wote, maana wanaoucheza ni wengi na ukishaujua utamkamata kabla hujalipa.

Pedi ilifika safi, imepanguswa mpaka inang'aa. Nikaiunganisha, nikacheza, hakuna kasoro. Siku ya tisa mchezaji wangu akaanza kutembea mwenyewe kushoto, polepole, kama mtu anayenyemelea mlango. Hiyo ndiyo drifti. Wakati huohuo kitufe cha R1 kikawa kinapiga mara mbili kwa kubonyeza mara moja, na muunganisho unakatika katikati ya mechi. Nikamwandikia. Akajibu kwa upole kabisa: "Hiyo ni betri kaka, ichaji ijae." Nikachaji. Kesho yake: "Basi ni vumbi tu, puliza." Hapo ndipo nilipojua ninashughulika na mtu wa aina gani, kwa sababu majibu hayo mawili ndiyo yanayomfanya mnunuzi azunguke mpaka siku za waranti ziishe.

Tuanze na la betri, maana ndilo linalowadanganya wengi. Betri dhaifu haifanyi stiki idrifti. Ndani ya pedi umeme wa betri hupitia kwanza kwenye kirekebisha volti, na stiki hupimwa kwa uwiano wa umeme huo uliokwisha kurekebishwa. Betri ikichoka pedi inazima au inapoteza muunganisho, lakini haiamui kwenda kushoto. Chomeka waya wa USB betri ikiwa imejaa. Kama mchezaji bado anatembea mwenyewe, maneno ya betri yaishie hapo.

Sasa uchafu au kuchakaa? Hapa gemu lenyewe halikusaidii, na ndiyo maana huyu bwana hutuma video ya mchezaji amesimama tuli. Karibu kila gemu hupuuza mwendo mdogo wa stiki pale katikati, kwa hiyo drifti ndogo haionekani kabisa mpaka ikue. Fungua ukurasa wowote wa kujaribu pedi kwenye kompyuta unaoonyesha namba. Stiki ya kushoto ni Axis 0 kwa kushoto na kulia, Axis 1 kwa juu na chini. Namba zinaanzia -1 mpaka 1, na stiki ikiachwa inatakiwa ikae karibu na 0. Usitarajie 0 kamili. Hata pedi mpya hukaa kwenye 0.02 au 0.04 na hakuna ubaya.

Ninachofanya mimi ni hiki. Nasukuma stiki kushoto mpaka mwisho, naiachia, naandika namba. Narudia mara kumi. Kisha naifanya hivyohivyo kutokea kulia, halafu naipitisha katikati polepole sana, kama unavyozungusha redio ya zamani kutafuta stesheni. Namba zikitapakaa ovyo, mara 0.02, mara 0.13, mara 0.05, na ukiizungusha stiki duara mara ishirini zikatulia kidogo, hapo uchafu unawezekana. Ikiwa ukiachia kutokea kushoto inabaki upande wa kushoto, na kutokea kulia inabaki kulia, springi ya kurudisha katikati imelegea, na hakuna dawa ya kupuliza itakayoikaza. Na kama namba inaruka palepale kila unapopita sehemu ileile ya katikati, shuku njia ya kaboni iliyolika ndani ya stiki, ile inayosoma mkao wake.

Yangu iliachwa ikakaa kwenye -0.16, na kila nilipopita katikati ilirukaruka. Lakini kilichonishtua zaidi kilikuwa pembeni. Kwenda kushoto ilifika -1 kabla stiki haijafika ukingoni. Kwenda kulia, hata nikiiegemeza kwa nguvu, iliishia 0.91. Maana yake nini? Mtu alishaisogeza katikati kwa programu. Kuna pedi ambazo unaweza kuziambia kwamba "hapa stiki ilipo sasa hesabu kuwa ni sifuri", na zikahifadhi. Ukifanya hivyo kwenye stiki iliyolika, drifti inapotea siku hiyohiyo, ila safari ya upande mmoja inakuwa fupi na ya upande mwingine ndefu. Kaboni inaendelea kulika, sifuri inahama tena, na wewe tayari umeshampa nyota tano.

Nikaifungua. Kabla ya chochote nilichomoa betri, na nyinyi fanyeni hivyo, msiguse sakiti ikiwa na umeme. Skrubu zilikuwa zimeshachubuliwa vichwa, dalili ya kwanza. Ya pili ni harufu: mafuta ya kulainisha, yale ya kupuliza kwenye bawaba za mlango, yamelowesha chini ya stiki. Hayo yanateleza vizuri siku za mwanzo, kisha yanakamata vumbi na kugeuka tope. Cha kusafishia ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, matone mawili matatu, unazungusha stiki, unaacha ikauke kabisa.

Stiki ya kawaida ina visanduku viwili vidogo pembeni, kila kimoja na miguu mitatu iliyolehemewa kwenye sakiti. Hizo ndizo potenshiomita: moja ya kushoto-kulia, nyingine ya juu-chini. Ndani kuna njia nyeusi ya kaboni iliyopinda, na kijikono cha chuma kinachopita juu yake kila unaposogeza kidole. Nilibandua kifuniko cha ile ya kushoto-kulia. Pamba ikatoka na unga mweusi. Mtu asiyejua atasema "ona vumbi hilo", lakini vumbi la nyumbani ni la kijivu na lina nyuzinyuzi. Unga mweusi laini kama masizi ni njia yenyewe iliyosagika. Chini yake, palepale katikati stiki inapopumzika, palikuwa na mfereji mwembamba unaong'aa. Nilisafisha, nikarudisha, siku mbili ikawa nzuri, ya tatu ikarudi -0.15. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote: uchafu ukisafishwa sawasawa unapotea kwa muda mrefu, kuchakaa kunarudi ndani ya siku chache. Na ndicho anachokitegemea mwenye waranti ya siku saba.

(Tangazo lake lilisema pia "stiki za sumaku". Stiki za sumaku hazina njia ya kaboni wala kijikono kinachosugua. Ukikuta kaboni ndani umeuziwa mbuzi kwenye gunia.)

Kuhusu kitufe sitakawia. Bonyeza polepole mara thelathini ukihesabu kwenye ukurasa uleule wa majaribio. R1 yangu ilitoa thelathini na nne. Kisha kishikilie bila kuachia: kama taa yake kwenye skrini inazima na kuwaka wakati kidole hakijaondoka, viunganishi vya ndani vimechoka. Kitufe chenye uchafu tabia yake ni nyingine, kinanata na kurudi kwa uvivu, hasa kama kuna soda ilimwagika, na kikipanguswa kinapona. Vile vya mpira vinavyotumia kidonge cheusi cha kaboni, vikichoka mara nyingi hukataa kuitika mpaka ukandamize. Hiki changu kilikuwa swichi ndogo inayolia "tik", na kilirudia hata kwenye waya, kwa hiyo redio haikuhusika. Swichi ya hivyo inabadilishwa tu.

Muunganisho kukatika ndiko kulikonichukua muda, maana hapo betri inaweza kuwa na hatia kweli. Watu wengi huchomeka waya kwenye konsoli, wanaona tatizo limeisha, wanasema ni betri. Haijathibitika: ukichomeka kwenye konsoli huenda pedi imeacha kabisa kutumia redio na mawasiliano yanapita kwenye waya. Chomeka waya kwenye chaja ya ukutani au pawabenki, halafu cheza kwa blutuuthi kama kawaida. Sasa umeme una uhakika na redio bado inafanya kazi. Ikiendelea kukatika, tafuta kwenye redio: umbali, miili ya watu iliyokaa katikati, au diski ya USB 3 iliyochomekwa jirani na kipokezi, kwa sababu vifaa hivyo hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo pedi inayatumia. Isipokatika tena, ni betri au viunganishi vyake.

Yangu bila chaja ilikuwa inakatika baada ya dakika ishirini na kitu, tena karibu kila mara pedi inapotetemeka kwa nguvu. Kwenye chaja ilikaa saa mbili bila kukohoa. Nikapima betri ikiwa imejaa: volti 4.1 imetulia, mota za mtetemo zikiwaka inaporomoka mpaka 3.3. Betri ya lithiamu nzima haiporomoki hivyo kwa mzigo mdogo kama huo. Na juu yake imebandikwa karatasi inayosema 3000 mAh, wakati umbo ni lilelile la betri ya kiwandani ya 1000 mAh. Nilipoibandua karatasi, chini yake kulikuwa na nyingine ya zamani. Betri ikiwa imevimba, hata kidogo, usiibonyeze wala kuitoboa, iondoe.

Kwa hiyo kwenye pedi moja kulikuwa na stiki iliyolika iliyofichwa kwa programu na mafuta, swichi iliyochoka na betri chovu iliyovalishwa karatasi mpya. Vumbi halikuwemo hata kidogo.

Mkikutana na tangazo la namna hii, msikubali video ya gemu. Mwambieni arekodi ukurasa wa namba bila kukata: stiki zimeachwa sekunde thelathini, kisha kila stiki inapelekwa mpaka ukingo wa pande zote nne na kuachiwa. Mimi nilimwomba hivyo baadaye kwa akaunti nyingine, kuhusu pedi nyingine. Alinitumia video ya mchezaji amesimama kwenye menyu. Nilipomkumbusha namba, akasema kompyuta yake mbovu.

Pesa hajarudisha. Amekubali tu nimtumie pedi "aisafishe tena", nikakataa. Nimeagiza stiki mpya na swichi, nitalehemu mwenyewe. Tangazo bado liko hewani na picha zilezile za pedi yangu, yenye mkwaruzo mfupi chini ya stiki ya kushoto, ingawa pedi yenyewe iko hapa mezani kwangu imefunguliwa vipande.